Kuongeza Gari na Dereva Kwenye Bima ya Kampuni

Kampuni yenye magari mengi kwa kawaida huyakatia bima yote chini ya mkataba mmoja, na magari hayo hutajwa moja moja kwenye jedwali lililoambatishwa. Gari jipya likinunuliwa katikati ya mwaka, mkataba hauvunjwi wala hauandikwi upya. Mwenye bima huomba kwa barua, na kampuni ya bima ikikubali hutoa hati ya nyongeza, ambayo huwa sehemu ya mkataba tangu tarehe iliyotajwa ndani yake.

Barua na hati hiyo ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wengi huteleza. Barua ni ombi tu. Muhuri wa mapokezi unathibitisha kwamba imefika, lakini hauthibitishi kwamba gari lina bima. Ipo mikataba yenye kipengele kinacholinda gari jipya kwa siku chache tangu linunuliwe, mradi taarifa itolewe ndani ya muda huo. Hata hivyo, kipengele hicho ni lazima kiwe kimeandikwa, na hakiondoi wajibu wa kisheria wa gari kuwa na angalau bima ndogo kabla ya kuingia barabarani.

Chukua mfano wa kampuni ya usambazaji vinywaji jijini Mwanza, yenye magari 11 na mkataba wa bima kubwa unaoanza Januari 1 na kuisha Desemba 31. Inanunua lori la shilingi milioni 80 na kuajiri dereva wa kuliendesha, na inataka vyote viwili viingie Julai 1. Barua yake itaanza na namba ya mkataba, jina la mwenye bima kama lilivyo kwenye mkataba, na tarehe ambayo ulinzi unatakiwa kuanza. Kisha itaeleza gari lenyewe: namba ya usajili, namba ya chasisi na ya injini, aina, mwaka wa kutengenezwa, uwezo wa kubeba mizigo, thamani na matumizi. Kama lori limenunuliwa kwa mkopo, benki nayo itajwa, kwa kuwa ina haki juu ya fidia. Nakala ya kadi ya gari huambatishwa, na mara nyingi kampuni ya bima hutaka kulikagua gari kabla ya kukubali.

Neno la matumizi lisiandikwe kwa haraka. Lori linalobeba bidhaa za kampuni yenyewe na lile linalokodishwa kubebea watu wengine mizigo hazihesabiwi kuwa na hatari sawa. Likiandikwa la kwanza kisha likafanya kazi ya pili, dai la fidia linaweza kukataliwa hata kama ada ililipwa yote.

Kuhusu dereva, kwanza usomwe mkataba. Baadhi ya mikataba humlinda dereva yeyote aliyeruhusiwa na mwenye bima, ilimradi ana leseni halali ya daraja la gari hilo. Mingine hulinda waliotajwa kwa majina tu. Kwa vyovyote, barua itoe jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba na daraja la leseni, miaka ya uzoefu, na ajali alizowahi kupata. Dereva kijana au mwenye leseni changa anaweza kukubaliwa kwa sharti kwamba kampuni ibebe sehemu kubwa zaidi ya hasara ajali ikitokea. Kuficha ajali ya zamani ni kumpa mkaguzi wa madai sababu ya kukataa kulipa.

Ada hutozwa kwa siku zilizobaki. Tuseme kiwango kilichokubaliwa ni asilimia 4 ya thamani kwa mwaka: hiyo ni shilingi 3,200,000. Kuanzia Julai 1 hadi Desemba 31 ni siku 184 kati ya 365, kwa hiyo ada ni shilingi 1,613,151. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni shilingi 290,367, na jumla ni shilingi 1,903,518.

Baada ya malipo, hati ya nyongeza inapaswa kusomwa mstari kwa mstari ikilinganishwa na kadi ya gari na leseni. Tarakimu moja ya chasisi ikikosewa, lori lililo barabarani si lile lililo kwenye hati. Itazamwe pia tarehe ya kuanza, maana ajali iliyotangulia tarehe hiyo hailipwi. Nchini Tanzania, bima ya gari inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kosa likionekana, kampuni ya bima iombwe kwa maandishi kulirekebisha, na lori libaki limeegeshwa hadi hati sahihi itoke.