Kutoka daftari la fundi hadi jedwali la sevisi

Karibu kila jenereta la dizeli linalotunzwa lina daftari lake. Fundi akimaliza kazi huandika tarehe, namba iliyosomeka kwenye mita ya saa, na maneno mawili matatu kuhusu alichofanya. Daftari hilo linaeleza vizuri yaliyopita. Ila ukimuuliza mwenye mashine ni kazi gani inatakiwa wiki hii, itambidi apekue kurasa nyingi, na mara nyingi atapata jibu lisilo sahihi. Jedwali la sevisi limewekwa kwa ajili ya swali hilo moja. Kila kazi ina mstari wake, na kila mstari unasema kazi hufanywa kila baada ya muda gani, ilifanywa lini mara ya mwisho, na itatakiwa tena lini.

Tuchukue mfano wa jenereta dogo linaloendesha vyumba baridi vya samaki umeme unapokatika. Leo ni 30 Aprili 2025 na mita inasoma saa 2,695. Daftari lake lina maandishi haya:

- 12 Machi 2024, saa 2,110: Oili imemwagwa, imewekwa mpya. Filta ya oili mpya.
- 20 Mei 2024, saa 2,210: Filta ya hewa imepulizwa. Mkanda wa feni umekazwa.
- 9 Agosti 2024, saa 2,325: Sevisi. Oili lita 7.
- 2 Novemba 2024, saa 2,445: Filta ya dizeli mpya.
- 18 Januari 2025, saa 2,555: Oili lita 1.
- 6 Machi 2025, saa 2,620: Filta ya hewa imepulizwa.

Anza na kijitabu cha mtengenezaji, daftari liwe la pili. Kijitabu ndicho kinachotaja kazi zote na muda wa kila moja. Ukianza na daftari, kazi ambayo haikuwahi kufanywa haitaingia kwenye jedwali kabisa, na hiyo ndiyo uliyotakiwa kuiona kuliko zote. Tuseme kijitabu cha jenereta letu kinataka oili na filta yake zibadilishwe kila saa 250 au miezi 12, lipi litangulie. Filta ya dizeli ni kila saa 500 au miezi 12. Filta ya hewa isafishwe kila saa 250 na ibadilishwe kila saa 500. Mkanda ukaguliwe kila saa 250, na maji ya rejeta yabadilishwe kila miaka miwili. Mashine yako inaweza kuwa na namba nyingine, kwa hiyo fuata kijitabu chake.

Sasa rudi kwenye daftari, ulisome kutoka mwisho kwenda mwanzo, ukitafuta kwa kila kazi mara ya karibuni ilipofanywa. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu mwenye haraka ataona “Oili lita 1” ya Januari na kuandika kwamba oili ilibadilishwa kwenye saa 2,555. Lakini injini hii hubeba lita 7. Lita moja ni ya kuongeza tu: oili ya zamani, pamoja na masizi na uchafu wake, imebaki ndani. Kuongeza hakuanzishi hesabu upya. Oili ilibadilishwa kweli tarehe 9 Agosti, na tunalijua hilo kwa sababu lita zilizoandikwa zinalingana na ujazo wa injini.

Na filta ya oili je? Siku hiyo fundi aliandika “Sevisi”, neno ambalo kwa mmoja ni oili pamoja na filta zote, kwa mwingine ni oili peke yake. Tafuta risiti ya dukani ya siku hizo au muulize fundi mwenyewe. Kama hakuna uthibitisho, rudi kwenye andiko la mwisho lililo wazi, yaani saa 2,110. Ndiyo maana oili na filta yake zinapewa mistari miwili, ingawa kwa kawaida hubadilishwa pamoja.

Filta ya hewa nayo inahitaji mistari miwili. Kupuliza vumbi ni kusafisha. Filta ya karatasi iliyopulizwa mara kadhaa inaweza kutoboka mahali usipopaona, na vumbi likipita hapo hula ringi za pistoni na kuta za silinda. Daftari linaonyesha kupulizwa mara mbili, lakini halionyeshi filta mpya hata mara moja. Usikisie tarehe ili kujaza nafasi. Andika “hakuna rekodi” na uihesabu kazi hiyo kuwa inatakiwa sasa.

Baada ya hapo kinachobaki ni kujumlisha: mara ya mwisho, ongeza muda wa kazi.

| Kazi | Kila baada ya | Mara ya mwisho | Inayofuata | Hali leo (2,695) |
|---|---|---|---|---|
| Kubadilisha oili | saa 250 / miezi 12 | 2,325 (9 Ago 2024) | 2,575 | imepita saa 120 |
| Filta ya oili | saa 250 / miezi 12 | 2,110 (12 Mac 2024) | 2,360 | imepita saa 335 |
| Filta ya dizeli | saa 500 / miezi 12 | 2,445 (2 Nov 2024) | 2,945 | bado saa 250 |
| Filta ya hewa: kusafisha | saa 250 | 2,620 (6 Mac 2025) | 2,870 | bado saa 175 |
| Filta ya hewa: kubadilisha | saa 500 | hakuna rekodi | sasa | fanya |
| Kukagua mkanda | saa 250 | 2,210 (20 Mei 2024) | 2,460 | imepita saa 235 |
| Maji ya rejeta | miaka 2 | hakuna rekodi | sasa | fanya |

Daftari lilionekana la mashine inayotunzwa, na sevisi ya mwisho ilikuwa Machi mwaka huu. Jedwali linaonyesha kwamba kazi tano kati ya saba zimepitwa na wakati au hazina rekodi.

Kazi yenye mipaka miwili inahitaji kupimwa kwa yote miwili. Mashine hii imefanya saa 585 tangu Machi 2024, yaani karibu saa 43 kwa mwezi. Saa 250 zilizobaki kwa filta ya dizeli zitaisha kabla Oktoba haijamalizika, siku chache tu kabla ya miezi 12 kutimia tarehe 2 Novemba. Kwa hiyo mpaka wa saa ndio unaotangulia. Kwa jenereta linalowashwa mara chache, tarehe ndiyo itakayotangulia, na jedwali lenye saa peke yake litakudanganya.

Ukitumia kompyuta, weka saa na miezi kwenye safu tofauti, namba tupu bila maneno, maana programu haiwezi kujumlisha “saa 250”. Ikiwa muda uko B2, mara ya mwisho iko C2, inayofuata iko D2 na mita ya leo iko H1, basi D2 na E2 zitakuwa:

```
=B2+C2
=D2-$H$1
```

Jibu la pili likiwa hasi, kazi imepitiliza.

Oili ikibadilishwa kesho kwenye saa 2,700, inayofuata ni 2,950. Usihesabu kutoka 2,575 ilipotakiwa, kwa sababu oili mpya huanza kuchakaa siku inapomiminwa. Na mita ikiharibika na kubadilishwa, andika namba ya mwisho ya ile ya zamani, kisha uijumlishe kwenye kila usomaji wa mita mpya.

Daftari lisitupwe. Jedwali hufutwa na kuandikwa upya kila kazi inapofanyika, kwa hiyo halikumbuki kitu zaidi ya mara ya mwisho. Fundi aandike kwanza kwenye daftari, kwa maneno kamili: “oili imebadilishwa, lita 7, filta mpya”. Kisha abadilishe mstari husika kwenye jedwali kabla hajaondoka. Andiko la namna hiyo halitamlazimu mtu yeyote kutafuta risiti ili ajue kilichofanyika.