Anayeogopa Kuogopa

Barabara ya Nairobi Expressway ilipofunguliwa mwezi wa Mei 2022, wakazi wa Syokimau walipata njia ya kufika Westlands bila kukwama Cabanas wala Bellevue. Ni kilomita 27 kutoka Mlolongo, na huko juu hakuna steji. Abiria hawezi kumwambia kondakta amshushe hapa. Gari likishaingia, halina budi kusonga hadi mahali pa kutokea. Kwa wengi, raha ya barabara hiyo ni hiyo hiyo. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa hofu ya ghafla, hapo ndipo penye tabu.

Ugonjwa huu huanza na shambulio. Moyo huenda mbio bila sababu inayoonekana, kifua hubana, pumzi huwa fupi, jasho hutoka, mikono hutetemeka, kichwa huwa chepesi, na mtu huhisi kwamba anakufa au anarukwa na akili. Dalili hizi hupanda haraka, hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka zenyewe. Watu wengi hupata shambulio la aina hii mara moja au mbili maishani na mambo yakaishia hapo. Madaktari wa akili huuita ugonjwa pale mashambulio yanapojirudia bila kutarajiwa, na mtu akapitisha mwezi mmoja au zaidi akilihofia lijalo, au akabadilisha maisha yake ili lisimpate.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoharibu maisha, na ndiyo isiyoelezwa vya kutosha katika vyumba vya daktari.

Chukua mhasibu wa miaka 31 anayeishi upande wa Katani na kufanya kazi Westlands. Si mtu mmoja halisi. Ni mfano uliokusanywa kutokana na mambo ambayo wagonjwa wa namna hii husimulia. Asubuhi moja ametoka kitandani baada ya kulala kidogo sana, amekunywa vikombe 2 vya kahawa bila kula, na ofisini anasubiriwa na hesabu za mwisho wa mwezi. Matatu ikiwa juu ya barabara, moyo wake unaruka pigo moja. Anautegea sikio. Kadiri anavyousikiliza ndivyo unavyozidi kasi. Anaanza kuvuta pumzi haraka haraka, vidole vinakufa ganzi, na wazo moja linamjaa kichwani: nitafia ndani ya gari hili. Gari linapotoka barabara ya juu anashuka akitetemeka, na baada ya muda mfupi ametulia.

Hospitalini wanampima presha, damu, tezi ya shingo na umeme wa moyo. Vipimo hivyo vina maana, kwa sababu upungufu wa damu, pumu, tezi inayofanya kazi kupita kiasi na mapigo yasiyo na mpangilio yote yanaweza kufanana na hofu. Maumivu ya kifua yanayokuja mtu akifanya kazi nzito, yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, au yanayoambatana na kuzirai, hayafai kamwe kuitwa hofu kabla ya kuchunguzwa. Lakini vipimo vya huyu mhasibu ni safi. Anaambiwa ana mawazo mengi, aende akapumzike.

Anarudi nyumbani na swali lile lile alilokuja nalo: kama moyo ni mzima, basi ni nini kile? Jirani anataja majini. Shangazi anasema kuna mtu ofisini anamwonea wivu. Nia yao ni njema, lakini kila maelezo anayopewa yanaongeza hatari juu ya kitu ambacho tayari anakiogopa.

Wiki inayofuata anakaa karibu na mlango wa matatu. Baadaye anaacha kabisa magari ya juu na kupitia Mombasa Road, ambako anaweza kushuka wakati wowote. Anabeba chupa ya maji kila aendako na kuweka kidole kwenye mshipa wa mkono kuhesabu mapigo. Anajaribu treni kutoka kituo cha Syokimau, kile kilichofunguliwa mwaka 2012, kisha anagundua kwamba treni nayo haifungui milango katikati ya safari. Dada yake anaanza kumsindikiza. Kufikia mwezi wa tatu ameomba kufanyia kazi nyumbani, na Gateway Mall ndiyo mwisho wa dunia yake. Hajapata shambulio kwa wiki 5. Familia inadhani anapona, kumbe ugonjwa haujawahi kuwa mkubwa kama sasa.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark wa Oxford alieleza jinsi mzunguko huu unavyojizungusha. Mwili unatoa ishara ndogo, kama pigo la moyo lililoruka au kizunguzungu cha kuinuka ghafla. Mtu anaisoma ishara hiyo kama mwanzo wa maafa. Usomaji huo unaleta hofu, hofu inamwaga adrenalini, na adrenalini inaongeza kasi ya moyo na ya pumzi. Ishara imekuwa kubwa, kwa hiyo mtu anaona alikuwa na haki ya kuogopa. Kupumua haraka kuliko mwili unavyohitaji kunapunguza kaboni dayoksaidi katika damu, na upungufu huo pekee unatosha kuleta ganzi ya vidole, kichwa chepesi na ile hisia ya kukosa hewa. Mtu anaona hewa haimtoshi, kumbe amevuta ya kupita kiasi.

Hata woga wa kuzirai, ambao wengi wanao, hauendani na jinsi mwili unavyofanya kazi. Kwa kawaida mtu huzirai presha ya damu inaposhuka ghafla. Katika shambulio la hofu presha hupanda, na ndiyo sababu kuzirai ni nadra.

Kwamba tafsiri ya mtu ina nguvu kuliko dalili yenyewe kulionyeshwa wazi na jaribio lililochapishwa mwaka 1989 na William Sanderson, Ronald Rapee na David Barlow nchini Marekani. Walichukua wagonjwa 20 wa hofu ya ghafla wakawavutisha hewa yenye asilimia 5.5 ya kaboni dayoksaidi, kiasi kinachomfanya mtu ahisi kukosa pumzi. Wote waliambiwa kwamba taa fulani ikiwaka wataweza kupunguza hewa hiyo kwa kuzungusha kitufe. Kwa nusu yao taa iliwaka, kwa wengine haikuwaka. Kwa kweli kitufe hakikuunganishwa na chochote, na wote walivuta hewa ile ile. Katika kundi lililoona taa, 2 kati ya 10 walipata shambulio. Katika kundi ambalo taa haikuwaka, 8 kati ya 10.

Mhasibu wa Katani akisoma matokeo hayo anaweza kuelewa chupa yake ya maji ni nini. Ni kitufe kisichounganishwa na chochote. Kinamtuliza, na kwa kumtuliza kinamfundisha jambo la uongo: kwamba amenusurika kwa sababu ya chupa, ya mlango, ya dada. Kila anaposhuka garini hofu ikiwa kileleni, anakosa kuona kitu pekee kinachoweza kumponya, yaani kwamba hofu ile ingeshuka yenyewe hata angebaki kitini.

Wala si ugonjwa wa watu wa mbali. Mwaka 2003 daktari wa akili wa Rwanda, Athanase Hagengimana, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wajane 100 walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994. Wajane 40 walikuwa wamepata mashambulio ya hofu yanayojitokeza mwilini ndani ya wiki 4 zilizotangulia, na kukosa pumzi kulikuwa miongoni mwa dalili zilizowasumbua zaidi. Historia yao ni nzito kuliko ya abiria wa Syokimau, na shambulio peke yake halitoshi kuitwa ugonjwa huu. Lakini kifua kinachobana ni kile kile.

Tiba yenye ushahidi mkubwa huenda kinyume na silika: mgonjwa huziita dalili kwa hiari. Mbele ya mtaalamu, baada ya moyo na mapafu kupimwa, mhasibu wetu anapumulia kwenye mrija mwembamba huku pua imebanwa kwa dakika 1 au 2. Anazunguka kwenye kiti mpaka apate kizunguzungu. Anakimbia palepale alipo. Kabla ya kila zoezi anasema anachotarajia kitatokea, kwa mfano kwamba ataanguka, na baada yake anaeleza kilichotokea kweli. Zoezi linarudiwa siku nyingi, si mara moja. Mjamzito, mwenye kifafa, pumu au ugonjwa wa moyo hapewi mazoezi haya bila daktari kuridhika kwamba ni salama kwake.

Kisha mazoezi yanatoka nje. Anapanda ngazi akiwa amekunywa kahawa. Anapanda treni vituo vichache, peke yake. Anapitia Mombasa Road kwenye kiti cha nyuma dirishani. Mwisho anarudi barabara ya juu, bila chupa na bila kidole kwenye mshipa.

Hapa ndipo tiba nyingi hukwama. Mtu anafika Westlands, lakini njia nzima amekuwa akihesabu pumzi ili shambulio lisije, na hesabu ile imechukua nafasi ya chupa. Mwingine anapata shambulio katikati ya safari na kusema ameshindwa, wakati safari hiyo ndiyo yenye faida kubwa kama alibaki garini mpaka likashuka. Claire Weekes, daktari wa Australia aliyewahi kusumbuliwa na moyo kwenda mbio, aliliandika jambo hili mwaka 1962 kabla ya majaribio mengi kufanywa. Alitenganisha hofu ya kwanza, inayokuja yenyewe, na hofu ya pili, ambayo mtu anaiongeza anapoikimbia ya kwanza. Ya kwanza haiamriwi. Ya pili ndiyo inayotibiwa.

Dawa zipo pia. Zile za kundi la sertralini na fluoksetini hupunguza mashambulio, lakini huchukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi, ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo. Asiyeambiwa hivyo huacha vidonge mapema, akiamini vimemdhuru. Diazepamu hutuliza haraka, lakini mwili huizoea, na kidonge kimoja kinachokaa pochini miezi 6 bila kumezwa kinaweza kuwa kitufe kingine.

Shida ya mwisho ni ya ramani. Hospitali ya Mathari, hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, iko upande wa barabara ya Thika, ng'ambo ya pili ya jiji. Mtu ambaye hawezi kuvuka Gateway Mall anatakiwa kuvuka Nairobi nzima ili atibiwe hofu ya kuvuka Nairobi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, mikutano ya kwanza kwa simu ina kazi halisi: mrija na kiti cha kuzunguka havihitaji nauli, na safari ya kwenda kliniki inaweza kupangwa kama zoezi, si sharti la kuanza. Dada anaweza kumsindikiza hadi steji juma la kwanza, akabaki nyumbani na simu juma la pili, na juma la tatu akakubaliana naye kwamba simu haitapigwa mpaka afike.