Betri Bapa Kwenye Umio wa Mtoto: Saa Mbili za Kwanza

Miongoni mwa vitu vidogo ambavyo watoto wa chini ya miaka 5 humeza, kama vile sarafu, shanga, vifungo na vipande vya vinyago, betri bapa ya mviringo inastahili kutengwa na vingine vyote, kwa kuwa madhara yake hayasubiri mtoto aonyeshe dalili. Sarafu iliyokwama kwa mtoto anayepumua vizuri na kumeza mate yake inaweza, kwa uamuzi wa daktari, kuachwa kwa saa kadhaa ili ionekane kama itashuka yenyewe, ilhali betri iliyokwama mahali hapo hapo huanza kuunguza ndani ya dakika chache, na kufikia saa 2 huweza kuwa imekwisha kuacha jeraha baya.

Betri hiyo ndiyo inayowekwa katika rimoti ndogo, funguo za magari, mizani ya jikoni, taa za mapambo na vinyago vinavyoimba. Iliyo hatari zaidi huwa imeandikwa CR2032 kwenye uso wake mpana, na katika maandishi hayo C huonyesha aina ya kemia ya lithiamu, R huonyesha umbo la mviringo, 20 ni kipenyo cha milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni mwembamba sana kwa mtoto mdogo, hivyo kitu chenye kipenyo hicho hukwama kwa urahisi, hasa mwanzoni mwa mrija huo, penye msuli unaoubana, takriban usawa wa mtulinga.

Wengi hudhani kwamba betri huumiza kwa kuvuja sumu, na kwa hiyo hufarijika wakiambiwa kwamba ilikuwa nzima au ilikuwa imekwisha, ingawa mambo yote mawili hayaleti usalama wowote. Kinachounguza ni umeme. Utando laini na wenye unyevu wa umio huigusa betri pande zote mbili na kuziunganisha, mkondo wa umeme ukapita katika nyama, na kwenye upande hasi, ambao ndio mwembamba na usio na alama ya kujumlisha, maji ya mwilini huvunjwa na kutoa alikali kali, yaani kemikali ya jamii ya kostiki ambayo watengeneza sabuni huishika kwa glavu. Alikali huyeyusha nyama na kuzidi kuzama ndani. Betri mpya ikifungwa ndani ya kipande cha nyama mbichi, mapovu huanza kutoka pembezoni mwake baada ya muda mfupi, na baada ya saa chache nyama iliyogusana nayo huwa imegeuka nyeusi na kulainika. Betri ambayo imeshindwa kuwasha rimoti huwa bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo, na kwa sababu hiyo betri kuukuu iliyotupwa kwenye droo ni ya kuogopwa kama mpya.

Dalili, zikiwapo, ni kutokwa na udende mwingi kupita kawaida, kukataa chakula kigumu au kulia anapomeza, kutapika, kukohoa, kupumua kwa mkoromo, na kushika kifua au shingo. Ugumu wake ni kwamba hizo hizo ndizo dalili za mafua, za kuota meno na za maambukizi ya koo, na baadhi ya watoto hawaonyeshi lolote kwa saa nyingi, wakacheza na kunywa maziwa kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo kinachopaswa kumwinua mzazi ni shaka yenyewe, yaani rimoti iliyokutwa wazi karibu na mtoto na betri yake haionekani.

Ichukuliwe mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye saa 3 asubuhi amekutwa sakafuni na kifuniko cha rimoti mkononi, naye anatoa udende. Kumtapisha hakufai, kwa kuwa betri haitoki kwa njia hiyo na koo huumizwa mara ya pili, wala haifai kumlisha ugali au ndizi ili kuisukuma, kwa sababu tumbo lenye chakula huongeza hatari ya dawa ya usingizi itakayohitajika hospitalini. Kitu kimoja kinachoruhusiwa ni asali, ambayo huupaka utando wa umio na kupunguza ukali wa alikali: vijiko 2 vya chai, yaani mililita 10, kila baada ya dakika 10, visizidi vipimo 6, ikiwa mtoto ametimiza mwaka 1, anaweza kumeza, na betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea kupooza. Asali hupunguza kasi tu, haiondoi betri, na isipokuwapo nyumbani hakuna sababu ya kwenda kuinunua kwanza. Hutolewa wakati safari ikiendelea.

Safari yenyewe ielekezwe mahali penye mashine ya eksirei, kwa kuwa zahanati isiyo nayo itaishia kuandika rufaa na saa moja itakuwa imepotea. Neno la kwanza kutamkwa mapokezini liwe kwamba mtoto anashukiwa kumeza betri, kwa sababu mtoto aliyeandikwa kuwa ana kikohozi atapangwa foleni na wenye kikohozi. Ikiwezekana, ichukuliwe betri ya aina ile ile au rimoti yenyewe, ili ukubwa ujulikane.

Katika picha ya eksirei iliyopigwa kutoka mbele, sarafu huonekana kama duara moja lililojaa, lakini betri huwa na duara la pili ndani ya la kwanza, karibu na ukingo, na ikipigwa kutoka ubavuni ukingo wake huonyesha kingazi kidogo pale upande mwembamba unapoanza. Picha hiyo isipotazamwa kwa makini, betri huitwa sarafu na mtoto huambiwa asubiri hadi kesho, kosa ambalo gharama yake ni kubwa mno. Ikithibitika kuwa imo kwenye umio, hutolewa mara moja kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, hata kama alikula muda mfupi uliopita. Iliyokwisha kuingia tumboni kwa kawaida hupita na kutoka na choo, ingawa daktari huifuatilia kwa picha, na kwa mtoto mdogo mwenye betri kubwa anaweza kuamua kuitoa.

Kutolewa kwa betri hakusimamishi jeraha papo hapo. Nyama iliyoungua huendelea kuoza kwa siku na hata wiki kadhaa, na uoza huo unaweza kutoboa njia ya kwenda kwenye bomba la hewa, au, lililo baya kuliko yote, kwenye mshipa mkuu wa damu unaopita jirani na umio. Mshipa huo mara nyingi hutoa damu kidogo kwanza, ikakoma, kisha ikabubujika saa au siku chache baadaye. Kwa hiyo mtoto aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, akitema au akitapika damu hata kidogo tu, akipata choo cheusi kama lami, au akikohoa kila anapokunywa, hurudishwa hospitalini saa ile ile, usiku au mchana, na wahudumu huambiwa tangu mlangoni kwamba aliwahi kumeza betri.