Kodi ya Nyumba: Yapandishwa Lini, na Mpangaji Aweza Kupinga Nini

Mji wa Makambako umekaa penye njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Mahali kama hapo chumba cha duka hakikai kitupu siku nyingi, na mwenye nyumba ajua hivyo. Ndiyo sababu wapangaji wa huko, na wa Njombe mjini vilevile, hupenda kuuliza: je, serikali imeweka kiasi gani ambacho kodi haiwezi kukipita?

Jibu ni fupi, wala haliwapendezi wapangaji. Katika Tanzania Bara hakuna kiasi hicho kwa nyumba za watu binafsi. Zamani kilikuwapo. Tangu siku za Vita ya Pili ya Dunia nchi hii ilikuwa na sheria za kuzuia kodi, na ya mwisho ilitungwa mwaka 1984. Kwa sheria hiyo mabaraza ya nyumba yalikuwa na uwezo wa kukadiria kodi iliyo halali, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji mpaka apate amri ya baraza. Mwaka 2005 Bunge liliifuta. Tangu hapo mambo ya kupangisha yanasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, nayo haisemi hata mahali pamoja ya kwamba kodi hii ni kubwa mno.

Ili tuelewe kilichoondoka, na tuitazame Kenya, ambako kipimo kiliwekwa wazi. Kwa nyumba ya kukaa iliyokuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi halali ilikuwa ile ya siku hiyo. Kwa nyumba isiyokuwa imepangishwa siku hiyo, baraza lilijumlisha gharama ya kujenga na thamani ya kiwanja, kisha likaweka kodi ya mwezi isiyopungua moja na robo kwa mia ya jumla hiyo, wala isiyozidi moja na nusu. Nyumba ya Sh. 200,000 ilitoka na kodi ya Sh. 2,500 mpaka Sh. 3,000. Lakini sheria ile ililinda nyumba zenye kodi isiyozidi Sh. 2,500 kwa mwezi tu; fedha ilipopungua thamani, nyumba nyingi za mjini zikatoka nje ya ulinzi wake bila mtu kuigusa sheria yenyewe. Uganda nao, kwa sheria yao ya mwaka 2022, walichagua njia nyepesi zaidi: nyongeza isizidi 10 kwa mia kwa mwaka.

Basi kwetu nyongeza huwekwa na nini? Huwekwa na mapatano. Na mapatano yana jambo moja ambalo wengi hawaliangalii: yana mwanzo na mwisho. Ndani ya muda uliopatanwa, kodi ni ile ile, labda mkataba wenyewe uwe umesema vingine. Muda ukiisha, mlango wa kupandisha hufunguka. Wapangaji hulalamika sana kwa kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mara moja, na kweli ni mzigo. Hata hivyo kodi hiyo iliyotangulizwa ndiyo kinga yao kubwa iliyobaki, maana huifunga kodi isisogee kwa muda wote uliolipiwa.

Tutoe mfano wa kubuni. Mshona nguo wa Makambako amepanga chumba cha duka, kile ambacho siku hizi huitwa fremu, kwa Sh. 60,000 kwa mwezi. Amelipa miezi sita, tangu 1 Januari hata 30 Juni. Mwezi wa Machi mwenye nyumba amjia akisema, “Mama, kuanzia Aprili ni elfu themanini.” Hapa fundi ana haki ya kukataa, kwa kuwa mkataba haubadilishwi na upande mmoja. Lakini akatae kwa adabu na kwa maandishi. Akinyamaza akatoa zile Sh. 20,000 za juu mwezi wa Aprili na wa Mei, huenda baadaye ikasemwa ya kwamba alikubali.

Mwezi wa Juni ukaisha. Hawakuandika karatasi mpya, ila fundi akaendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba, akilipa Sh. 60,000 kila tarehe 1. Sasa hali imegeuka: upangaji wake umekuwa wa mwezi kwa mwezi. Upangaji wa namna hiyo ni halali hata kwa maneno ya mdomo tu, lakini ni mwembamba. Kila upande waweza kuuvunja kwa kutoa ilani isiyopungua urefu wa kipindi cha kodi, nayo ilani iishie siku ambayo kodi hulipwa. Basi mwenye nyumba akitoa ilani tarehe 10 Agosti, haiwezi kumwondoa fundi tarehe 10 Septemba, maana hiyo si siku ya kodi. Wala tarehe 1 Septemba, maana mwezi haujatimia. Siku ya kwanza iliyo halali ni tarehe 1 Oktoba.

Hesabu hiyo ya siku ndiyo atakayoweza kuipinga. Kiasi chenyewe hawezi. Mwenye nyumba akimwambia, “Kuanzia 1 Oktoba ni elfu themanini, ama unipishe,” na ilani yake ikawa sahihi, hakuna baraza litakalopima kama elfu themanini ni haki kwa chumba kile. Twaona ni vema kulisema waziwazi, kwa kuwa wako watu waliopoteza nauli kwa kwenda kulalamika juu ya ukubwa wa kodi, hali walikuwa na ilani mbovu mikononi na hawakuitaja.

Penye ilani mbovu, au nyongeza katikati ya muda, shauri huanzia baraza la kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa hutoa hati ya kushindwa, na mlalamikaji huenda nayo kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoko Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Makambako. Siku 30 zikipita bila suluhu, aweza kwenda hata bila hati. Wakati wote huo aendelee kulipa kodi ya zamani kwa siku yake. Deni la kodi ni silaha ampayo adui yake bure. Mwenye nyumba akikataa kuipokea, mpangaji aipeleke kwa njia ya simu ili ibaki alama, au aitoe mbele ya shahidi.

Kwa yule ambaye hajatia sahihi bado, iko njia ya kujitengenezea kipimo ambacho Bunge halikumwekea. Aombe mkataba uandikwe hivi: “Kodi itaweza kuongezwa mara moja tu kwa mwaka, nayo nyongeza haitazidi 10 kwa mia ya kodi ya mwaka uliotangulia, na ilani ya maandishi itatolewa miezi miwili mbele.” Kwa maneno hayo Sh. 60,000 haiwezi kupita Sh. 66,000 mwaka wa pili, wala Sh. 72,600 mwaka wa tatu. Lakini atazame na muda wa mkataba wenyewe: kipimo hiki kikitiwa katika karatasi ya miezi sita hakina kazi, kwa kuwa karatasi huisha kabla siku yake haijafika. Muda uwe miaka miwili au mitatu, yaandikwe yote, na kila mmoja abaki na nakala yake yenye sahihi za wote wawili na za mashahidi.