Kuomba Bei Nafuu Kwa Muuzaji wa Jumla

Vikundi vingi vya kufuga kuku hukosea hapa: kila mama hununua gunia lake peke yake, siku yake, kwa bei ya dukani. Baadaye mwenyekiti huenda kwa muuzaji wa jumla na kusema, "Sisi ni kikundi, tupunguzie." Muuzaji hucheka tu, kwani neno "kikundi" halimwambii chochote. Yeye anataka kujua mambo matatu: mtachukua magunia mangapi, mtarudi lini, na mtalipa namna gani.

Basi anzeni na hesabu nyumbani. Tuseme mko wanachama 20, na kila mmoja ana kuku 20 wa mayai. Kuku mmoja hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 20 watakula kilo 2 na gramu 400, na kwa siku 30 ni kilo 72. Gunia lina kilo 70. Kwa hiyo kila mwanachama anahitaji gunia moja na kilo mbili zaidi. Kikundi kizima kinahitaji kilo 1,440, yaani karibu magunia 21 kila mwezi.

Sasa msiseme "tutanunua mengi." Semeni magunia 20 kila mwezi, kwa miezi sita. Hayo ni magunia 120, na hiyo ndiyo hesabu inayomfanya muuzaji aweke kalamu chini asikilize. Lakini msikubali kuyabeba mengi kwa mara moja ili mpate bei nzuri. Chakula cha kuku kikikaa sana hupoteza nguvu, na kikipata unyevu huota ukungu ambao ni sumu kwa kuku. Ahadi iwe ya miezi sita, mzigo uwe wa mwezi mmoja.

Nendeni watu wawili, mwenyekiti na mweka hazina, siku isiyo ya soko, na mzungumze na mwenye duka mwenyewe. Karani hana ruhusa ya kushusha bei. Bebeni cheti cha usajili wa kikundi, na risiti za miezi iliyopita ambazo wanachama wamenunulia, hata kama ni za maduka mengine. Risiti ndizo shahidi kwamba magunia hayo kweli huliwa.

Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Mzee, sisi hutumia magunia 20 kila mwezi. Tutayachukua kwako wiki ya kwanza ya mwezi, na pesa zote zitalipwa kabla gari halijapakiwa. Utatufanyia vipi?"

"Bei ni 3,200. Nitawatolea shilingi 50 kwa kila gunia."

"Asante, Mzee. Lakini tukichukua 20, je, huwezi kutuongezea la 21?"

(Bei hiyo ni ya mfano tu, ulizeni ya kwenu.) Hebu tazameni ombi hilo la mwisho. Shilingi 50 kwa magunia 20 ni 1,000. Gunia la nyongeza kwenu ni 3,200, tena ndilo lile la 21 mlilohitaji. Lakini kwa muuzaji gharama yake ni ile bei aliyonunulia kiwandani, iliyo chini ya 3,200. Akikataa gunia, mwombeni awaletee mzigo kwa pikapu yake bila malipo. Ikiwa kukodi gari huwagharimu 2,000, hiyo ni sawa na kupunguziwa shilingi 100 kwa kila gunia.

Msiombe punguzo na mkopo kwa pamoja. Faida yake ni ndogo, naye hupunguza bei kwa sababu pesa zenu zinarudi upesi akanunue mzigo mwingine. Mweka hazina akusanye pesa zote kabla ya siku ya kwenda. Wanachama watano wakichelewa mkachukua magunia 15, punguzo la mwezi ujao mmelipoteza. Ikiwa mtauza kuku wazee na chakula kitapungua, mwambieni mapema. Atawaelewa kuliko akisikia siku ya mzigo.

Siku ya kupokea, pimeni magunia mawili matatu kwenye mizani, mtazame tarehe ya kutengenezwa na uzi wa kushonea. Gunia lililoshonwa mara mbili lina jambo. Pengine bei imeshuka kwa sababu mzigo ni wa zamani.

Jambo moja bado. Bei ya chakula hiki hupanda na kushuka pamoja na bei ya mahindi. Kwa hiyo msimfunge muuzaji kwa bei moja ya miezi sita, maana mahindi yakipanda atavunja mapatano. Patanieni hivi: "gunia moja juu ya kila 20" au "shilingi 100 chini ya bei ya siku hiyo," mkaandike kwenye karatasi mbili, kila upande utie sahihi.