Idi inasogea, kalenda ya ukutani haisogei: kusoma Google Trends kabla ya kuagiza abaya

Mfanyabiashara wa nguo akitaka kujua msimu unaanza lini, anafungua Google Trends, anaandika abaya, anachagua nchi yake na miaka 5 iliyopita, halafu anaangalia vilima kwenye mstari. Mpaka hapo sawa. Shida inaanza pale anaposema, "Aah, mwaka jana watu walianza kutafuta mwanzoni mwa Februari, basi na mwaka huu nitajiandaa Februari." Kwa sare za shule hesabu hiyo inafanya kazi. Kwa nguo za Idi inakuchelewesha kila mwaka.

Sababu ni mwezi wa angani. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi el-Fitri inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida. Mwaka 2023 ilikuwa karibu na tarehe 21 Aprili, 2024 ikawa 10 Aprili, 2025 mwisho wa Machi. (Nasema "karibu" kwa sababu mwandamo huleta tofauti ya siku moja kati ya nchi na nchi, na haituharibii hesabu ya wiki.) Ukichukua miaka 5 ukatafuta wastani wa kila mwezi, kilele cha mwaka wa kwanza na cha mwaka wa tano vitapishana kwa zaidi ya wiki 6. Wastani wake unatoa kilima kipana, kifupi, ambacho hakijawahi kutokea mwaka wowote ule.

Kabla hatujairekebisha, tuelewane kuhusu namba zenyewe. Google Trends haikupi idadi ya watu waliotafuta. Inachukua sampuli ya utafutaji, inaangalia neno lako lina sehemu gani ya utafutaji wote mahali hapo, kisha inaipa wiki ya juu kabisa 100 na nyingine zote zinapimwa dhidi ya hiyo. Ukibadilisha kipindi au nchi, 100 inakuwa kitu kingine. Kwa hiyo 60 ya grafu ya leo usiilinganishe na 60 ya grafu uliyoipakua mwezi uliopita.

Chagua neno la mtu anayetaka kununua. "Eid" peke yake inapanda sana, lakini wengi wanaoliandika wanataka kujua siku yenyewe au wanatafuta picha ya kutumiana salamu. Tumia jina la bidhaa, na uunganishe majina yake kwa alama ya kujumlisha, hivi: `abaya + baibui`. Hapo mfumo unahesabu utafutaji wenye neno lolote kati ya hayo mawili, na inasaidia kwa nchi ambazo utafutaji ni mdogo kiasi kwamba wiki nyingi zinaonekana 0. Sifuri hiyo haimaanishi hakuna aliyetafuta. Maana yake data ilikuwa kidogo mno. Zikizidi, angalia nchi jirani yenye watumiaji wengi zaidi: hujali ukubwa wa soko lake, unajali wiki mstari unapoanza kupanda.

Pakua faili. Kwa kipindi cha miaka 5 utapata mstari mmoja kwa kila wiki, na tarehe iliyoandikwa ni ya Jumapili wiki inapoanza. Sasa badala ya kusoma tarehe, hesabu umbali kutoka Idi. Kama tarehe ya wiki iko A2 na tarehe ya Idi ya mwaka huo iko D1, andika:

```
=INT((A2-$D$1)/7)
```

Ukipata -1, wiki hiyo ilianza ndani ya siku 7 kabla ya Idi; -7 ilianza siku 43 hadi 49 kabla. Fanya hivyo kwa kila mwaka na Idi yake, kisha panga miaka sambamba. Vilima vilivyokuwa vinatangatanga vinakaa juu ya kimoja.

Hatua inayofuata ni kujua kawaida ya kila mwaka, yaani kiwango cha siku za baridi. Chukua namba ya katikati (siyo wastani) ya wiki zilizo nje ya msimu. Usisahau kuiondoa Idi el-Adha pia, inayokuja kama wiki 10 baada ya el-Fitri na yenye kilima chake. Ukiiacha ndani, kawaida inapanda na utaona msimu unaanza kwa kuchelewa. Kisha sema: msimu umeanza pale namba inapovuka mara moja na nusu ya kawaida kwa wiki mbili mfululizo. Wiki moja tu inaweza kuwa kelele ya sampuli.

Tuchukue namba za kubuni tuone. Kawaida ni 20, kwa hiyo mpaka wetu ni 30. Wiki ya -9 ni 22, -8 ni 21, -7 ni 31, -6 ni 38, halafu mstari unapanda hadi 90 wiki ya -2, unashuka 61 wiki ya Idi yenyewe, na wiki inayofuata ni 18. Msimu umeanza -7, yaani kama wiki mbili kabla ya kufunga. Tuseme miaka mingine miwili ilitoa -6 na -7. Tunachukua -7.

Idi el-Fitri ya 2027 inatarajiwa karibu tarehe 10 Machi. Rudi nyuma siku 49: tarehe 20 Januari. Hapo ndipo mzigo unatakiwa uwe umefika na picha ziko mtandaoni. Sasa toa muda wako mwenyewe. Tuseme kiwanda cha Guangzhou kinahitaji siku 10, meli siku 35, kutoa mzigo bandarini 10, kupiga picha na kuandika maelezo 5. Jumla 60, na tunaangukia tarehe 21 Novemba 2026. Ongeza siku 10 za meli kuchelewa: oda iende tarehe 11 Novemba. Aliyefuata tarehe za mwaka uliotangulia amezila zile siku 10 za akiba kabla meli haijang'oa nanga.

Na hana pa kujitetea, maana Mwaka Mpya wa Kichina 2027 ni tarehe 6 Februari na viwanda vingi hufungwa wiki kadhaa. Ukigundua Januari kwamba abaya nyeusi zinaisha, oda ya pili kwa meli haiwezekani tena.

Matangazo ya bidhaa yanaweza kutangulia mzigo. Ukurasa mpya huchukua siku, wakati mwingine wiki, kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji, kwa hiyo agiza sampuli chache kwa ndege, zipigwe picha Desemba, ukurasa uwe hewani mwanzoni mwa Januari.

Kuna swali ambalo grafu hailijibu kabisa: uagize ngapi? Mstari unakwambia lini. Idadi itoke kwenye daftari lako la mauzo ya Idi iliyopita, na wateja wako wengi wakiagiza kwa kupiga simu au kupitia WhatsApp, hawaonekani kwenye Google Trends hata kidogo. Angalia pia ile 61 inavyoanguka hadi 18 kwa wiki moja. Kontena likichelewa wiki mbili linafika sokoni kukiwa hakuna mtu, na abaya hizo zitasubiri el-Adha, huku hela yako imelala stoo.