Lengo la Fundi Cherehani na Kipimo Kilichotoka Kiwandani

Mbinu ya kupanga kazi kwa lengo na matokeo makuu ilianzia kwenye kampuni ya Intel, Marekani. Andy Grove ndiye aliyeijenga huko miaka ya 1970, akiegemea mawazo ya Peter Drucker, aliyekuwa amehimiza usimamizi kwa malengo tangu 1954. Mmoja wa wanafunzi wa Grove, John Doerr, akaifikisha Google mwaka 1999, kampuni hiyo ikiwa bado changa. Leo wako wanaoitumia kupangia mwaka wao binafsi. Inaweza kuwafaa sana, mradi wakumbuke kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya kazi ambayo matunda yake yanahesabika, tena yanaonekana mapema.

Lengo ni sentensi moja inayosema unataka kufika wapi, na haina haja ya namba. Matokeo makuu ni mambo machache, mawili hadi matano, yanayothibitisha kwamba umefika. Hayo lazima yawe na namba na tarehe.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Morogoro mwenye kibanda chake. Lengo lake la mwaka: ushonaji ujitegemee, asikope tena kila sikukuu zinapokaribia ili anunue vitambaa. Kwa miezi mitatu ya kwanza anaandika matokeo mawili. La kwanza, akiba ya vitambaa itoke sifuri ifike shilingi 300,000 kufikia mwisho wa Machi. La pili, nguo zinazokamilika siku aliyoahidi zipande kutoka 6 kati ya 10 hadi 9 kati ya 10. Hapa wengi huteleza: wanaandika "kufungua akaunti ya akiba" wakidhani ni tokeo. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Akaunti inaweza kufunguliwa na kubaki tupu mwaka mzima.

Machi inakwisha, akiba ni 180,000. Alama yake ni 0.6. Nguo za wakati zimefika 8 kati ya 10. Ukigawa 8 kwa 9 utapata karibu 0.9, na utajidanganya, kwa sababu 6 alikuwa nazo tangu mwanzo. Alipaswa kupanda hatua tatu, amepanda mbili. Alama ni kama 0.7. Ndiyo maana hali ya kuanzia lazima iandikwe kabla ya kazi kuanza.

Faida ya alama ni maswali inayoyaleta. Fundi akipitia daftari lake anaona kwamba wiki tano za mwanzo hakuweka hata shilingi: ada za shule za Januari zilimaliza kila kilichoingia. Robo inayofuata anaamua kutenga 25,000 kila Jumamosi jioni kabla hela haijafika nyumbani, na matumizi ya ada ya mwakani anaanza kuyatengea fungu lake mapema.

Tatizo la kwanza ni namba kuanza kula lengo. Fundi akitaka nguo zote zitoke kwa wakati, anaweza kushona harakaharaka, au akakataa magauni ya harusi yenye kazi nyingi, ambayo ndiyo yanayolipa. Daftari litapendeza huku kipato kikishuka. Grove alijua hatari hii, akashauri kila kipimo kiwekewe kingine cha kukilinda. Kwa fundi, kipimo hicho ni idadi ya nguo zinazorudishwa kurekebishwa. Ikipanda, wepesi wake hauna maana.

Tatizo la pili ni ule mtindo wa Google wa kuweka malengo makubwa kiasi kwamba 0.7 huhesabiwa mafanikio. Hilo halifai kwa kodi ya pango wala dawa za presha. Mwenye nyumba hapokei 0.7 ya kodi. Hata Google hutenganisha malengo ya kuthubutu na yale ya lazima, ambayo hutakiwa kutimia kwa ukamilifu. Katika familia sehemu kubwa ya mambo ni ya lazima.

Mahali ambapo mimi ningeiacha mbinu hii kabisa ni kwenye kuuguza na kuomboleza. Mama aliyepooza baada ya kiharusi anaweza kuhudumiwa vizuri kila siku na bado hali yake ikazidi kudhoofu. Alama ndogo itamhukumu binti kwa jambo lisilo mikononi mwake. Na akihesabu badala yake saa za kukaa na mama, upesi atakuwa anakaa ili saa zitimie. Kinachohitajika hapo ni ratiba ya zamu iliyokubaliwa na ndugu wote: nani analala na mgonjwa Jumanne, nani anampeleka kliniki, nani anatuma nauli, na nani anamshika mkono binti huyo anapochoka.